Kutuama, kuchomoka na kuvuna faida: jinsi ya kusoma taarifa ya kila siku ya bei ya dhahabu

Makala haya yanaeleza maneno matatu yanayotawala taarifa za kila siku za soko la dhahabu. Wafanyabiashara wanaofuatilia bei kwa simu huyatamka kwa Kiswahili chao kuwa konsolidesheni, breikauti na profiti-teking. Mfasiri anayeyatafuta katika kamusi ya jumla hupata maana sahihi ya neno lakini si maana ya soko, na kosa hilo huweza kumgharimu mtu fedha. Tutapendekeza kisawe kwa kila neno, tueleze neno linadai nini kuhusu bei, kisha tuone jinsi msomaji anavyoweza kuhakikisha kama dai hilo ni kweli. Mifano yote inatokana na mwenendo wa bei wa mwaka 2023 hadi 2025.

Sentensi ya kuanzia

Tuitazame kwanza sentensi ifuatayo, tuliyoitunga kwa kufuata mtindo wa tafsiri zinazosambazwa asubuhi katika simu:

"Dhahabu imeimarika juu ya dola 3,300 kutokana na wawekezaji kupata faida; mlipuko unatarajiwa katika dola 3,500."

Kisarufi sentensi hii haina dosari. Sasa tumfikirie mchimbaji mdogo wa Rwamagasa mkoani Geita, au wa Ishokelahela wilayani Misungwi, mwenye gramu 20 za dhahabu na deni la mafuta ya mashine na posho za vijana wake. Anaposoma "imeimarika" anaelewa kwamba bei imepanda. Anaposoma "wawekezaji kupata faida" anaelewa kwamba mambo ni mazuri. Anapofika kwenye "mlipuko" hajui kama ni neema au balaa, lakini "unatarajiwa" humwambia kwamba lazima utokee. Huenda akaamua kuizuia dhahabu yake asiipeleke soko la madini la Mwanza au la Geita wiki hiyo.

Taarifa ya awali ilisema jambo jingine kabisa. Ilisema kwamba bei haikuwa na mwelekeo, kwamba ilishuka kidogo kwa sababu baadhi ya wenye dhahabu waliuza, na kwamba ikiwa ingevuka dola 3,500 huenda ingeendelea kupanda. Hakuna ahadi ndani yake. Makosa yote matatu yametokana na kuchukua kisawe cha kwanza cha kamusi.

Kabla ya kuendelea ni vema kuzijua alama za kwenye skrini. `XAU/USD` ni bei ya aunsi moja ya dhahabu safi kwa dola za Marekani. Aunsi hiyo ni ya madini ya thamani, yenye gramu 31.1035, nayo ni nzito kuliko aunsi ya kawaida ya dukani, ambayo ni gramu 28.35. Dola 3,300 zinazotajwa katika sentensi yetu ni bei ya aunsi hiyo.

Kutuama

Kitenzi cha Kiingereza kinachozaa konsolidesheni hutafsiriwa katika kamusi kuwa kuimarisha, kuunganisha au kujumuisha. Katika siasa na utawala visawe hivyo vinafaa. Katika soko, kuimarika kumekwisha kupewa kazi nyingine: tunaposema shilingi imeimarika, tunamaanisha thamani yake imepanda dhidi ya dola. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana namna ya kuielewa "dhahabu imeimarika" isipokuwa kwamba bei imepanda.

Maana ya soko ni hii: baada ya kupanda au kushuka kwa kasi, bei hukaa kwa siku, wiki au miezi ikienda juu na chini kati ya mipaka miwili, bila kuivuka. Tunapendekeza kitenzi kutuama na nomino mtuamo, inayoundwa kama mporomoko kutokana na kuporomoka. Maji yaliyotuama hayaendi popote, ingawa yana mawimbi madogo juu yake. Anayeliona Ziwa Viktoria likitulia katika ghuba ya Mwanza anajua kwamba utulivu huo haumaanishi maji hayasogei kabisa. Yanasogea, lakini hayatoki katika kingo zake. Kutuama kuna maana nyingine pia, ile ya mashapo kushuka chini ya chombo. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kuutaja wigo kila mara: "bei imetuama katika wigo wa dola kadha hadi kadha." Wigo ni neno linalofaa hasa, maana asili yake ni uzio.

Vitenzi vingine viwili hutumika mahali hapa, na vyote vina kasoro. Kutulia ni kizuri, lakini humfanya msomaji adhani bei haibadiliki. Kusuasua kina lawama ndani yake: anayesuasua anashindwa kwenda, na msomaji hubaki akitarajia kuanguka. Neno la awali halilaumu wala halitabiri.

Mpaka wa chini wa wigo tunauita sakafu, na wa juu tunauita dari. Sakafu ni kiwango ambacho mara kadhaa wanunuzi wamejitokeza na bei ikaacha kushuka. Dari ni kiwango ambacho mara kadhaa wauzaji wamejitokeza na bei ikaacha kupanda. Maneno "mara kadhaa" ndiyo yenye uzito katika fasili hizi. Kiwango kilichoguswa mara moja tu bado si sakafu wala dari.

Mfano mzuri ni mwaka 2025. Tarehe 22 Aprili bei ilifika dola 3,500 kwa mara ya kwanza katika historia, kisha ikarudi nyuma siku hiyohiyo. Katikati ya Mei ilishuka hadi karibu dola 3,120. Katikati ya Juni ilipanda hadi karibu 3,450 ikakwama, mwishoni mwa Juni ikarudi karibu 3,250, na mwezi Julai ikakwama tena chini kidogo ya 3,450. Hali hiyo iliendelea hadi mwishoni mwa Agosti. Huo ni mtuamo wa miezi minne, na mtu yeyote anayeitazama chati anaweza kuuona.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtuamo unaweza kuwa mpana. Tofauti kati ya dola 3,120 na dola 3,500 ni dola 380 kwa aunsi, yaani zaidi ya dola 12 kwa gramu. Kwa mwenye gramu 20 za dhahabu safi hizo ni kama dola 244. Taarifa iliyosema "bei imetulia" katika miezi hiyo ilikuwa sahihi kwa mwenye kuangalia mwaka mzima, lakini kwa aliyetaka kuuza wiki ile tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Ndiyo maana tunasisitiza wigo utajwe kwa tarakimu.

La pili ni kwamba sakafu ilikuwa ikipanda, kutoka 3,120 mwezi Mei hadi 3,250 mwezi Juni, huku dari ikibaki karibu palepale. Wachambuzi husema wigo umebana. Wanachodai ni kwamba wauzaji wako radhi kuuza kwa bei ileile, lakini wanunuzi wanakubali kulipa zaidi kila bei inaposhuka. Hilo ni dai linaloweza kukaguliwa kwa kulinganisha vilele na mabonde ya chati. Halisemi bei itatokea upande gani.

Kuchomoka

Breikauti katika kamusi ni kuzuka kwa ugonjwa au vita, mlipuko, au kutoroka gerezani. Mfasiri akiandika mlipuko, msomaji wa Kanda ya Ziwa ana sababu nyingine ya kutatizika, kwa kuwa machimboni neno hilo lina kazi yake ya kila siku: baruti na kupasua mwamba.

Tunapendekeza kuchomoka, na nomino mchomoko. Kisu huchomoka alani, mpini huchomoka kwenye jembe: kitu kilichokuwa kimeshikiliwa mahali kinatoka. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa pia kwamba gari limechomoka, yaani limeondoka kwa kasi. Sifa zote mbili, ya kushikiliwa na ya kasi, zimo katika maana ya soko: bei iliyokuwa ndani ya wigo inatoka nje ya dari au sakafu na kuendelea upande huo. Kwa kuwa inaweza kutoka upande wowote, upande utajwe: bei imechomoka juu, au imechomoka chini. Mchomoko usiofuatwa na neno lolote la upande ni habari nusu.

Hapa sarufi ya Kiswahili inampa mfasiri chombo ambacho sentensi ya Kiingereza mara nyingi haina. Vichwa vya habari vya Kiingereza hupenda wakati uliopo usio na ukomo, na mfasiri hulazimika kuchagua kiambishi. Kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake bado yapo: mlango umefunguka, nao sasa uko wazi. Kiambishi -li- husimulia tu kwamba jambo lilitokea: mlango ulifunguka, huenda umefungwa tena. Kwa hiyo "bei imechomoka juu" ni dai zito kuliko "bei ilichomoka juu." La kwanza linasema bei iko nje ya wigo na inaendelea kukaa huko.

Tarehe 4 Desemba 2023 ilionyesha uzito wa tofauti hiyo. Tangu Agosti 2020 dari ya dhahabu ilikuwa karibu dola 2,075. Masoko ya Asia yalipofunguliwa Jumatatu hiyo, bei ilipita dola 2,130 kwa muda mfupi. Kabla ya siku kwisha ilikuwa imerudi karibu dola 2,030, chini ya ile dari ya zamani. Aliyeandika alfajiri "dhahabu imechomoka" alikuwa amekosea ilipofika usiku. Sentensi sahihi ilikuwa "dhahabu ilichomoka ikarudi." Tukio la namna hii huitwa mchomoko wa uongo. Mchomoko wa kweli ulikuja miezi mitatu baadaye, mwanzoni mwa Machi 2024, bei ilipofunga siku juu ya dari hiyo na kuendelea kupanda siku zilizofuata bila kurudi.

Tofauti kati ya matukio hayo mawili ndiyo kanuni ambayo wachambuzi wengi huifuata: hawahesabu bei iliyoguswa, wanahesabu bei ya kufungia. Kwa dhahabu inayouzwa muda wote kwa mtandao, siku huhesabiwa kufungwa saa kumi na moja jioni ya Niu Yoki. Kwa Mwanza huo ni usiku wa saa sita, au saa saba katika miezi ya baridi ya Marekani. Taarifa iliyoandikwa jioni ya Tanzania imeandikwa kabla ya siku hiyo kufungwa. Msomaji anayeona "imechomoka" saa mbili usiku ana haki ya kuuliza: imefunga wapi? Ikiwa bado haijafunga, mfasiri mwaminifu ataandika "imevuka dola kadha kwa sasa" au atatumia -ki- ya masharti: "ikifunga juu ya dola kadha, itakuwa imechomoka."

Mtuamo wa 2025 tuliouona juu uliishia kwa mchomoko wa kweli. Mwishoni mwa Agosti bei ilirudi karibu na dari, na tarehe 2 Septemba ikavuka dola 3,500 na kufunga juu yake. Siku zilizofuata haikufunga tena chini ya kiwango hicho. Tarehe 8 Oktoba ilivuka dola 4,000. Hapa "imechomoka juu" lilikuwa neno stahili kuanzia usiku wa tarehe 2 Septemba, na halikuwa neno stahili siku yoyote ya Juni au Julai, hata pale bei ilipopanda kwa kasi, kwa sababu dari ilikuwa haijavukwa.

Kuvuna faida

Neno la tatu ndilo linalopotosha zaidi, kwa kuwa linaonekana jepesi. Profiti-teking hutafsiriwa kupata faida. Lakini anayepata faida si lazima afanye jambo lolote: bei ikipanda, mwenye dhahabu amepata faida kwenye karatasi hata akiwa usingizini. Profiti-teking ni tendo la kuuza ili faida hiyo iwe fedha taslimu. Na kwa kuwa ni kuuza, hutajwa katika taarifa za siku ambazo bei imeshuka. Kupata faida husikika kama habari njema, ilhali taarifa inaeleza mshuko.

Tunapendekeza kuvuna faida, na mara ya kwanza katika matini tendo la kuuza litajwe waziwazi: "baadhi ya wawekezaji waliuza ili kuvuna faida." Baada ya hapo "uvunaji wa faida" hutosha. Ulanguzi usitumike mahali hapa. Mlanguzi katika Kiswahili cha Tanzania ni mtu anayeficha bidhaa au kuiuza kwa magendo, na neno hilo linabeba tuhuma ambayo taarifa ya awali haina.

Ugumu wa neno hili haukomi kwenye kisawe. Kutuama na kuchomoka ni maneno yanayoeleza mwendo wa bei. Ukiwa na chati unaweza kuyathibitisha. Kuvuna faida ni neno linaloeleza nia ya watu. Chati haionyeshi nia. Inaonyesha kwamba bei ilishuka, na katika kila mauzo alikuwapo mnunuzi pia. Mwandishi wa taarifa anapoona mshuko baada ya kupanda kwa muda mrefu, na hakuna habari kubwa inayoueleza, mara nyingi huandika kwamba watu walivuna faida. Huenda ni kweli. Lakini wauzaji wale huenda walikuwa watu wengine: waliolazimika kuuza kwa sababu dhamana yao ilipungua, au waliouza kwa mkopo wakitarajia bei ishuke zaidi, ambao hawakuwa na faida yoyote ya kuvuna.

Kuna njia ya kukaribia ukweli. Katika soko la Komeksi la Niu Yoki, ambako mikataba ya dhahabu ya baadaye huuzwa, hesabu ya mikataba iliyo wazi hutolewa kila siku. Bei ikishuka na mikataba iliyo wazi ikapungua, kuna dalili kwamba wenye mikataba ya kununua wameifunga na kuondoka, na hilo linaafikiana na kuvuna faida. Bei ikishuka huku mikataba iliyo wazi ikiongezeka, kuna wauzaji wapya wanaoingia, na kuvuna faida si maelezo yanayotosha. Vilevile tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba hiyo hutoa kila Ijumaa ripoti ya makundi ya wafanyabiashara na mikataba waliyoshika hadi Jumanne ya wiki hiyo.

Sasa tuendelee na mfano wetu wa 2025. Tarehe 20 Oktoba bei ilifika karibu dola 4,380, kiwango cha juu kuliko vyote hadi siku hiyo. Tarehe 21 Oktoba ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, mshuko mkubwa wa siku moja kuliko wowote tangu Agosti 2020. Taarifa nyingi za siku ile zilieleza kwamba wawekezaji walivuna faida. Maelezo hayo yalikuwa ya busara: bei ilikuwa imepanda takribani robo nzima tangu ilipochomoka Septemba, na waliokuwa wamenunua mapema walikuwa na faida kubwa. Hata hivyo serikali ya Marekani ilikuwa imefunga shughuli zake tangu tarehe 1 Oktoba kwa kukosa bajeti, na ile ripoti ya Ijumaa haikuwa ikitolewa. Waandishi wa siku ile walikadiria nia ya wauzaji bila chombo ambacho kwa kawaida huwasaidia kuikagua baadaye.

Kwa mfasiri, funzo liko kwenye viunganishi. Taarifa nyingi za Kiingereza huweka tendo hili kando ya mshuko kwa neno linalomaanisha sambamba na, si kwa sababu ya. Mfasiri anayeandika "bei imeshuka kutokana na uvunaji wa faida" amegeuza ujirani kuwa sababu. "Huku kukiwa na uvunaji wa faida" huhifadhi kiasi cha uhakika kilichokuwapo. Taarifa ikitaja sababu waziwazi, mfasiri anaweza kuandika "wachambuzi wanauhusisha mshuko huo na uvunaji wa faida," ili dai libaki mikononi mwa waliolitoa.

Kutoka kwenye skrini hadi kaunta ya Mwanza

Hata tafsiri sahihi haimfikishi mchimbaji kwenye shilingi zake. Taarifa inazungumzia dola kwa aunsi ya dhahabu safi. Kwenye soko la madini dhahabu hupimwa uzito kwa gramu, hupimwa usafi kwa mashine, na hulipwa kwa shilingi kwa kuangalia bei elekezi inayofuata soko la dunia, kabla ya makato ya kisheria na faida ya mnunuzi. Hesabu ya msingi ni hii:

```
Sh kwa gramu = XAU/USD × Sh kwa dola ÷ 31.1035 × usafi
```

Tuchukue dhahabu yenye usafi wa asilimia 90, na tutumie kiwango cha kubadilishia fedha kilicholainishwa ili hesabu iwe rahisi. Bei ilipogusa dola 3,500 mwezi Aprili 2025, dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700. Gramu moja inakuwa shilingi 273,442. Bei ilipofika dola 4,000 mwezi Oktoba, shilingi ilikuwa imeimarika, na dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,450. Gramu moja inakuwa shilingi 283,569.

Kwa dola, dhahabu ilikuwa imepanda kwa asilimia 14.3. Kwa shilingi ilikuwa imepanda kwa asilimia 3.7 tu. Mchomoko ulioandikwa katika kila taarifa ya Septemba ulikuwa wa kweli kwenye skrini, lakini sehemu kubwa yake haikufika kaunta, kwa kuwa shilingi iliimarika wakati uleule. Mchimbaji aliyezuia dhahabu yake tangu Aprili akisubiri neema ya kuchomoka aliongezewa shilingi kama 10,000 kwa gramu, na katika miezi hiyo yote alikuwa bado na deni la mafuta.

Hapa neno kuimarika linarudi katika kazi yake halisi, nalo lina maana kinyume na ile ya sentensi tuliyoanza nayo. Kwa muuzaji wa Mwanza, kuimarika kwa shilingi hupunguza bei anayolipwa. Tafsiri inayosema "dhahabu imeimarika" katika wiki ambayo shilingi ndiyo iliyoimarika humwongoza msomaji kinyume mara mbili.

Sentensi ileile, upya

Tunaweza sasa kuirekebisha sentensi ya mwanzo bila kuongeza habari ambayo haikuwamo:

"Bei ya dhahabu bado imetuama, ikiwa juu kidogo ya dola 3,300 kwa aunsi, huku baadhi ya wawekezaji wakiuza ili kuvuna faida. Ikifunga siku juu ya dola 3,500 itakuwa imechomoka juu."

Katika sentensi hii mpya -me- ya "imetuama" inaeleza hali inayoendelea, "huku" inaacha sababu wazi, na -ki- ya "ikifunga" inaonyesha kwamba mchomoko ni sharti na si ahadi. Maneno "kwa aunsi" yanamkumbusha msomaji kwamba bado kuna hesabu ya gramu, usafi na shilingi mbele yake.

Kwa walimu, zoezi linalofaa ni kuchukua taarifa fupi ya siku moja, kupigia mstari kila kitenzi kinachoelezea bei, na kuuliza maswali mawili kwa kila kimoja: je, chati inaweza kukithibitisha, na je, kiambishi cha wakati kilichotumika kinadai zaidi ya kilichotokea? Vitenzi vinavyoeleza mwendo vitapita au kuanguka kwa kuilinganisha tafsiri na chati. Vinavyoeleza nia vitahitaji kiunganishi cha tahadhari, au jina la aliyetoa maelezo.